Kikombe Kilekile, Mkanda Mwingine

Mdogo wangu ana alama mbili mabegani, kila moja upana wa kidole, nyeusi kuliko ngozi inayozizunguka. Zimechimbwa na kamba za sidiria. Nilizijua siku nyingi, lakini sikuzitilia maanani mpaka jioni tuliyokuwa tukijaribu nguo za sendofu ya binamu yetu. Gauni lake lilikuwa na uwazi mgongoni, na katika uwazi ule mkanda wa sidiria ulionekana wazi, umepanda juu karibu na mabapa ya mabega, ilhali mbele vikombe vimeshuka. Aliushusha kwa mkono. Alipoinua mikono kuvaa hereni, ukapanda tena.

Nikamuuliza anavaa namba ngapi.

"Thelathini na nane."

"Thelathini na nane ipi?"

"Kwani ziko ngapi, dada?"

Nikageuza lebo nikasoma: 38/85B. Akanieleza alivyofika hapo. Zamani alikuwa akivaa 36B, ikawa inamkata matiti kwa juu, sehemu inamwagika nje ya kikombe na kufanya mstari unaoonekana hata akivaa blauzi nzito. Akaenda dukani akaomba namba inayofuata. Akapewa 38B, matiti yakaingia vizuri, akaridhika. Kuanzia hapo amekuwa akinunua hiyohiyo, na kila akinunua anakaza kamba za mabegani hadi mwisho, maana zikiachwa kidogo tu kila kitu kinashuka.

Wanawake wengi ninaowafahamu wamefika kwenye saizi zao kwa njia hiyohiyo. Tumezoea kuulizwa namba na kujibu namba, kama tunavyofanya kwa viatu. Kiatu kikibana, unapanda namba, kiatu chote kinakua, mguu unapata nafasi. Sidiria nayo ukiipandisha namba inakua yote, mkanda na kikombe kwa pamoja. Kasoro ya mdogo wangu ilikuwa ya kikombe peke yake. Mkanda wa 36 haukuwa na kosa lolote, lakini ili apate kikombe kikubwa zaidi aliutupa akachukua mkanda mrefu zaidi usioshika mbavu zake.

Na mkanda ndio unaobeba. Watu hudhani matiti yananing'inia kwenye kamba za mabegani kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Sidiria iliyokaa vizuri hubebwa na ule mkanda unaozunguka mbavu, ulionyooka kiunoni mwa kifua kama mshipi, na kamba za juu kazi yake ni kuzuia kikombe kisifunuke. Mkanda ukilegea, uzito wa mbele unauvuta, nyuma unapanda, na mzigo wote unahamia mabegani. Alama za mdogo wangu zilitoka huko.

Sasa tuitazame herufi, kwa sababu ndiyo isiyoeleweka. Wengi tunaamini kwamba B ni titi dogo, D ni titi kubwa, basi. Ingekuwa hivyo kama herufi ingesimama peke yake, lakini haisimami. Herufi inaeleza tofauti kati ya vipimo viwili: mzunguko wa kifua pale matiti yalipojaa zaidi, na mzunguko wa mbavu chini yake. Inasema titi limetokeza kiasi gani mbele ya mbavu. Haisemi limetandaa upana gani, na upana unakwenda na ukubwa wa kiwiliwili, yaani na ile namba.

Chukua kisosi cha chai upakue wali ufanye kilima cha kimo cha vidole vitatu, kilichofunika kisosi chote. Kisha chukua sahani pana, upakue wali mwingine kwa kimo kilekile cha vidole vitatu, nao ufunike sahani yote. Kimo ni kimoja, lakini wali wa sahani ni mwingi zaidi. Herufi ni kimo. Namba ni upana wa chombo. Ndiyo maana kikombe cha 38B ni kikubwa kuliko cha 36B, na cha 36B ni kikubwa kuliko cha 34B, ingawa zote zimeandikwa B. Na ndiyo maana msichana mwembamba wa 30D anaweza kuwa na matiti madogo kuliko mama wa 40B, na wote wawili wakawa wamepewa saizi sahihi.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo watengenezaji wanalijua siku zote na wateja hatuambiwi. Katika upimaji wa kawaida, ukipanda mkanda hatua moja na kuacha herufi ilivyo, kikombe kinakua kwa kiasi kilekile ambacho kingekua kama ungeacha mkanda ukapanda herufi moja. Kwa hiyo 38B na 36C zina vikombe vyenye ujazo mmoja. Ukiendelea kushuka, 34D nayo ni ujazo uleule. Ukipanda upande wa pili, 40A pia. Hizi ndizo saizi ndugu. Zimetoka tumbo moja la kikombe, zinatofautiana mkanda. Hata waya wa chini unaopita ukingoni mwa kikombe kwa kawaida ni wa kipimo kimoja kwa 34D, 36C na 38B. Kiwanda hakina sababu ya kukunja waya tofauti kwa umbo lilelile.

Kanuni yake unaweza kuihifadhi kichwani bila jedwali. Mkanda ukipanda hatua moja, herufi inashuka hatua moja. Mkanda ukishuka hatua moja, herufi inapanda hatua moja. Hatua ya mkanda ni namba mbili kwa hesabu ya inchi, yaani 34, 36, 38. Kwa hesabu ya sentimita ni tano tano, yaani 75, 80, 85.

Ukiitazama habari ya mdogo wangu kwa kanuni hii, utaona kwamba alipohama kutoka 36B kwenda 38B alipata kikombe cha 36C bila kujua. Kikombe kilikuwa sahihi tangu siku ile. Alichotakiwa kufanya ni kubaki na kikombe hicho na kurudi kwenye mkanda wake.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Kariakoo. Tuliingia duka dogo la nguo za ndani, limejaa maboksi hadi darini, muuzaji ni mama wa makamo aliyefunga futi ya fundi shingoni. Nikamwamkia, nikamwomba 36C. Akamtazama mdogo wangu toka juu hadi chini.

"Mwanangu, huyu kifua chake ni cha 38. Hii 36 itambana."

"Sawa mama, lakini tuletee zote mbili, 38B na 36C, za aina moja."

Akaleta mbili za sponji, rangi ya kahawia, toleo moja. Nikamwomba anisaidie jambo moja. Aliishika 38B kwa mkono wa kushoto, kikombe kimetazama juu kama bakuli, akachukua kikombe cha 36C akakiingiza ndani yake. Kiliingia kikakaa. Ukingo wa juu ulilingana na ukingo, waya ukalala juu ya waya, hakukuwa na mkunjo wala pengo. Kisha akachukua 36B kutoka rafu ya nyuma akaingiza hiyo. Ilizama ndani, ukingo wake ukabaki chini ya ukingo wa 38B karibu upana wa kidole kidogo. Mama yule alirudia mara mbili mwenyewe. Akaniambia katika maboksi yanayomfikia, B ndizo nyingi, C na D huja chache, na wateja wanaoikosa namba yao huwapandisha tu mkanda. Aliyasema kwa masikitiko ya kweli, na akaanza kuvuta maboksi mengine kutoka chini.

Jaribio hilo la kikombe ndani ya kikombe unaweza kulifanya popote, ila liwe kwa sidiria za toleo moja na kampuni moja. Kampuni mbili zinaweza kuandika 36C na vikombe visifanane, kwa sababu kila moja ina umbo lake la kukatia. Saizi ndugu ni ahadi ndani ya toleo moja. Ukivuka kwenda toleo lingine, inabaki kuwa mahali pazuri pa kuanzia kujaribu.

Duka lilikuwa na kona yenye pazia, mdogo wangu akaingia na 36C. Kuna namna ya kuvaa ili jaribio liwe la haki. Funga kulabu kwenye safu ya nje kabisa, ile iliyolegea kuliko zote, kwa kuwa lastiki ikizeeka italegea na ndipo utahitaji safu za ndani. Inama kidogo mbele, ingiza mkono ndani ya kikombe, vuta titi lote kutoka ubavuni liingie mahali pake, ndipo usimame. Wengi tunaacha sehemu ya titi nje, chini ya kwapa, tukidhani ni nyama ya mgongo, kisha tunashangaa kikombe kinaonekana kinatosha.

Alipotoka nikamgeuza. Mkanda ulikuwa umelala mlalo mmoja, nyuma sawa na mbele. Nikaingiza vidole viwili chini yake pale kwenye kulabu. Viliingia, lakini sikuweza kuuvuta mbali na mgongo zaidi ya hapo. Mbele, kile kipande kinachounganisha vikombe viwili kiligusa mfupa wa kifua badala ya kuelea. Waya ulipita kwenye mkunjo chini ya titi na kuishia nyuma yake, haukukanyaga nyama ya titi. Nikamwambia ainue mikono juu, ashushe, azunguke. Mkanda haukuhama.

"Mbona naona inanibana?" akauliza.

Akapewa muda. Miaka yote hiyo alikuwa amezoea mkanda usiomshika, kwa hiyo wa kumshika lazima augundue. Kubana kubaya kuna dalili zake: pumzi inakatika ukivuta hewa, lastiki inaacha mfereji mwekundu unaouma unapovua, nyama inafura juu na chini ya mkanda. Hakuwa na hata moja.

Kwa kuwa tulikuwa pale, tukajaribu na 34D, ndugu wa tatu. Kulabu zilifika kwa shida. Na hapa likaonekana jambo ambalo hesabu ya karatasini haikuonyeshi. Kikombe ni kilekile, lakini titi lilianza kumwagika juu. Mkanda mfupi ukivutwa kupita kiasi huvuta na ncha za waya kwenda pembeni, waya unafunguka, kikombe kinatandazwa kinakuwa kifupi kwa kina. Ukiivaa hivyo utasema kikombe ni kidogo uombe herufi ya juu zaidi, na kosa si la kikombe. Upande wa pili pia kuna upotofu wake: mkanda mrefu ukilegea, kikombe hakikandamizwi kifuani, kinaachia uwazi juu, na mtu anasema kikombe ni kikubwa. Kwa hiyo anza kuuweka sawa mkanda, kikombe ukihukumu baadaye. Ukianza na kikombe utazunguka dukani kutwa nzima.

Mama wa duka akashusha futi shingoni akampima mbavu, chini kabisa ya matiti, futi ikiwa imelala sawa na pumzi imetolewa. Sentimita 81. Akaonyesha lebo ya ile 36C: imeandikwa 36/80C.

Namba hiyo ya pili ndiyo yenye manufaa, na ndiyo watu wasiyoisoma. Sidiria nyingi zinazouzwa kwetu zimetengenezwa China, na lebo zake huandika namba mbili. 80 ni sentimita za mbavu. Mtu mwenye mbavu za 78 hadi 82 ndiye anayekusudiwa. 75 ni wa 73 hadi 77, na 85 ni wa 83 hadi 87. Mdogo wangu mwenye 81 alikuwa akivaa 38/85, mkanda wa mtu mwenye mbavu pana kuliko zake. Lebo ilikuwa ikimwambia hivyo kila asubuhi.

Ile namba ya kwanza inachanganya kwa sababu ina historia. Sentimita 80 ni inchi 31 na nusu, sasa 36 imetoka wapi? Imetoka kwenye desturi ya zamani ya kupima mbavu kwa inchi kisha kuongeza nne au tano. Watengenezaji wengine wameiacha desturi hiyo, na wengine bado wanayo, ndiyo maana ukipimwa katika maduka mawili unaweza kutoka na saizi mbili zisizopatana hata kidogo. Nimeona wasichana wakifadhaika kwa hilo. Ukikumbana nalo, shika kitu kimoja kilicho mkononi: sidiria uliyonayo ambayo kikombe chake kinakutosha, hata kama mkanda wake haufai. Anzia hapo, soma lebo, uhame kwa kanuni ya undugu. Kanuni hiyo haijali mtengenezaji aliongeza inchi nne au hakuongeza.

Herufi zenyewe zilianza Marekani. Mwaka 1932 kampuni ya S.H. Camp ilianza kutaja matiti kwa herufi A hadi D, kufuatana na yalivyojaa na kuning'inia, na mwaka 1937 kampuni ya Warner ikaweka herufi hizo kwenye vikombe vya sidiria zake. D ilikuwa mwisho wa safari. Walipokuja kuhitaji kikombe kikubwa zaidi, Wamarekani na Waingereza waliongeza D ya pili, ikawa DD, wakati Ulaya bara waliendelea tu na E. Hili lina madhara kwa anayehesabu hatua. Kutoka D kwenda DD ni hatua moja kamili, kama kutoka C kwenda D. Kwa hiyo ndugu wa 34D upande wa chini ni 32DD, na ukimtafuta 32E ya Kiingereza umeruka hatua. Lakini E ya lebo ya Kijerumani ni sawa na DD ya Mwingereza. Ukiwa chini ya D, lebo zote zinasomana; ukishavuka D, angalia kwanza nchi.

Mkanda nao hubadilika jina. Ukiletewa sidiria na ndugu aliyeko Paris au Brussels, utakuta 95C, na moyo utashtuka. Wafaransa na Wabelgiji huongeza 15 juu ya zile sentimita za mbavu, kwa hiyo 95C yao ni 80C ya Mjerumani, na ni 36C ya Kariakoo. Kutoka hapo hesabu ya undugu ni ileile, ila unakwenda tano tano: 95C, 90D, 100B.

Kuna sidiria ambazo kanuni hii haizifikii kabisa. Ni zile za bei nafuu zilizoandikwa namba peke yake, 34, 36, 38, bila herufi. Hapo mtengenezaji amekuchagulia kikombe kimoja kwa kila mkanda, na ukihitaji kikombe kikubwa kwenye mkanda wako, hakipo. Hizo ndizo zinazowafanya wenye mbavu nyembamba na matiti makubwa waishi na mikanda mirefu maisha yao yote.

Na hata penye herufi, undugu una umbali wake. Ndugu wa jirani, hatua moja, kwa kawaida hukaa vizuri. Hatua mbili huanza kugomba, ingawa kikombe ni kilekile. Sababu ni kwamba sidiria ya mkanda mrefu hukatwa kwa ajili ya mtu mwenye kiwiliwili kipana: kamba zake zimeshonwa mbali zaidi na katikati. Mwenye mabega membamba wa 34D akivaa 38B ataona kamba zinateleza mkononi kila dakika, hata azikaze vipi. Na wa 38B akijibana kwenye 34D, kamba zitamkaba karibu na shingo. Kamba inayoteleza tu, bila tatizo lingine, mara nyingi ni ishara kwamba umekwenda mbali upande wa mikanda mirefu.

Safari ya kupanda mkanda nayo ina wakati wake. Mjamzito wa miezi ya mwisho mbavu zake hupanuka kuachia nafasi mtoto, na akishajifungua zikarudi taratibu. Shangazi yetu alipokuwa na mimba ya mwisho, kikombe kilimtosha lakini mkanda wa jioni ulikuwa adhabu. Kabla ya kununua sidiria ya hatua ya juu, jaribu kile kipande kidogo cha kulabu cha kuongezea, kinachouzwa peke yake. Upande mmoja kina kulabu, upande wa pili matundu. Unakifunga kati ya ncha mbili za mkanda na unapata sentimita chache. Ukikivaa, umeigeuza 36C yako kuwa kama 38B, kikombe bila kuguswa. Ni njia nzuri pia ya kujua kosa liko wapi: ukikiweka na titi likaacha kumwagika, basi mkanda ndio uliokuwa ukikitandaza kikombe. Likiendelea kumwagika, kikombe ni kidogo kweli, na saizi ndugu haitakusaidia. Unahitaji herufi mpya kwenye mkanda uleule.

Tulinunua 36C mbili. Nyumbani zilibaki 38B tatu, mbili zikiwa bado mpya kabisa, na mdogo wangu alitaka kuzigawa. Nikamwambia vikombe vyake ni vile alivyonunua leo, kilichozidi ni mkanda, na mkanda unakatika.

Kati ya 38 na 36 kuna sentimita 5 mwilini, lakini kwenye lastiki isiyovutwa utakata pungufu ya hapo, karibu 4, kwa sababu zinazobaki zitatokana na kunyumbuka kwake. Kwanza tulikunja na kushika kwa pini, sentimita 2 kila upande, akaivaa, akainua mikono, akakaa, akasimama. Ilishika. Nikafumua ule utepe wenye kulabu upande mmoja na ule wenye matundu upande wa pili, nikakata sentimita 2 kila upande, nikairudishia tepe. Kukata upande mmoja tu ni kosa ninaloliona mara nyingi: kifungio kinahamia pembeni, kamba moja inakuwa karibu na uti wa mgongo na nyingine mbali, na sidiria inajipinda mwilini. Tepe nilizishona kwa mshono wa zigizaga, mwembamba na wa karibukaribu. Mshono ulionyooka hauna kunyumbuka, mkanda ukivutwa siku mbili tatu uzi unakatika.

Kabla ya kukata, tazama kamba za nyuma zinaposhonwa kwenye mkanda. Kama ziko karibu sana na kulabu, ukikata utafika kwenye mshono wa kamba na umbo la mgongo litaharibika. Ya tatu ilikuwa hivyo. Hiyo nilipunguza ubavuni, kwenye mshono unaounganisha mkanda na kikombe, sentimita 2 kila upande, nikiwa mwangalifu nisiguse mfuko wa waya, maana ukitoboka waya utatoka na kumchoma.

Mdogo wangu alivaa ya kwanza palepale, kabla sijakata uzi wa ya pili. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, upande mmoja, kisha mwingine, akapeleka mkono begani. Kamba zilikuwa bado zimekazwa hadi mwisho kama alivyozizoea. Akazilegeza kidogo, akangoja, akazilegeza tena. Vikombe havikushuka.